Betri Inakwisha Usiku na Hakuna Kilichowashwa: Kutafuta Mzigo Uliofichika kwa Mita ya Klampu

Malalamiko yanayorudi mara nyingi kuhusu mifumo ya sola na inveta ni haya: betri zinajaa mchana, jioni zinatumika kwa taa chache, kisha kabla ya alfajiri inveta inalia na kuzima ingawa watu wote walikuwa wamelala. Wengi hukimbilia kusema betri zimekufa, wakanunua nyingine, na baada ya wiki chache hali inarudi ileile. Betri kweli huchakaa, lakini kabla ya kuihukumu ni vyema kujua ni ampea ngapi zinazotoka ndani yake wakati mwenye nyumba anaamini kwamba hakuna kinachotoka. Mita ya klampu inajibu swali hilo bila kufungua hata nati moja, kwa kuwa inasoma usumaku unaozunguka waya wenye mkondo. Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine, ukianza na hitilafu za kipimo chenyewe, kwa sababu mita iliyotumiwa vibaya humtuma mtu kutafuta kosa mahali ambapo halipo.

Kabla ya kushika kebo

Vua pete, saa na mkufu. Betri ya volti 12 haikurushi kwa umeme, lakini ikiguswa chanya na hasi kwa kipande cha chuma hutoa mamia ya ampea kwa mkupuo mmoja, na pete iliyo kidoleni huwaka kama waya wa pasi. Fungua madirisha ya chumba chenye betri za asidi. Usichomeke probu za mita kwenye tundu lililoandikwa `10A` kwa nia ya kupima mkondo wa betri: kazi hiyo inafanywa na taya peke yake, nazo hufungwa juu ya kebo yenye gamba lake zima.

Ukiona betri iliyovimba, ukisikia harufu ya yai lililooza, au ukikuta kebo iliyoyeyuka gamba, kazi yako imeishia hapo. Zima mizigo kwenye swichi zake, toka chumbani na umwite fundi wa mifumo ya betri. Vilevile usipime kebo za paneli pale zinapounganishwa mfululizo hadi kufikia mamia ya volti, kwa kuwa mkondo mnyoofu wa volti hizo ukianza kuruka hewani hauzimiki kwa urahisi. Usichomoe viungio vya paneli wakati mkondo unapita. Zima kwa breka yake.

Dalili ya kwanza: mita inasoma sifuri, au namba inatangatanga

Sababu inayoongoza ni kwamba mita iko upande wa mkondo geu, au ni ya aina isiyoweza kabisa kupima mkondo mnyoofu. Mita nyingi za bei nafuu zina transfoma ndogo ndani ya taya, na transfoma haihisi mkondo usiobadilika. Ukifunga mita hiyo kwenye kebo ya betri inayopitisha ampea 40, itakuonyesha sifuri au namba isiyo na maana. Angalia uso wa mita: lazima kuwe na alama ya ampea yenye mstari mnyoofu na vidoti chini yake, au maandishi `DCA`. Ikiwa ni ampea yenye wimbi tu, mita hiyo itakufaa kwenye nyaya za nyumba lakini si kwenye betri.

Sababu ya pili ni kufunga taya juu ya kebo mbili kwa pamoja. Mkondo unaokwenda kwa kebo ya chanya hurudi kwa kebo ya hasi, usumaku wa moja ukaufuta wa nyingine, na mita ikasoma sifuri kwa haki kabisa. Kosa hili ni jepesi kulifanya pale kebo zimefungwa pamoja kwa mkanda. Tenganisha kebo moja, iweke katikati ya taya, kisha hakikisha taya zimekutana hadi mwisho. Uchafu kidogo au waya mwembamba uliobanwa kati ya midomo ya taya unatosha kuharibu namba.

Sababu ya tatu, ambayo ndiyo inayowapotosha hata waliozoea, ni kutorudisha sifuri. Mita za mkondo mnyoofu zina kihisi cha Hall, nacho huhisi pia usumaku wa dunia, wa kebo jirani na ule uliobaki ndani ya taya baada ya kupima mkondo mkubwa. Fungua klampu hewani bila waya wowote, na unaweza kuona ikisoma 0.4 au hata 1.2. Kwa mtu anayepima ampea 80 za inveta iliyobeba pasi, kosa hilo si kitu. Kwa anayetafuta mzigo wa ampea moja unaonyonya usiku kucha, kosa hilo ni kubwa kuliko kitu chenyewe anachokitafuta. Kwa hiyo peleka taya karibu na kebo utakayopima, ukiielekeza mita vilevile itakavyokaa wakati wa kupima, funga taya zikiwa tupu, bonyeza `ZERO` au `REL`, ndipo uifunge kebo. Ukigeuza mita upande mwingine, rudisha sifuri upya.

Kuna njia nzuri ya kuhakiki. Pima, kumbuka namba, kisha igeuze klampu juu ya kebo ileile ili mshale wake uelekee upande wa pili. Namba inapaswa kubaki ileile huku alama ya kutoa ikitokea au kupotea. Ukipata 3.4 upande mmoja na -2.8 upande wa pili, basi mkondo halisi uko katikati, yaani 3.1, na ile 0.3 ilikuwa ya sifuri isiyokaa sawa.

Mwisho, huenda mkondo ni mdogo kuliko uwezo wa mita. Mita yenye kiwango cha ampea 600 mara nyingi husoma kwa hatua za 0.1, na kijitabu chake kinaweza kusema, kwa mfano, usahihi wa asilimia 2.5 pamoja na tarakimu 5. Tarakimu tano kwenye mita hiyo ni nusu ampea. Chagua kiwango cha chini, cha 40 au 60, ambacho kwa kawaida husoma kwa hatua za 0.01. Pale waya ni mwembamba na una urefu wa kutosha, upitishe ndani ya taya mara tano kama unayezungusha uzi kwenye kidole. Mita itasoma mara tano ya mkondo, nawe utagawa kwa tano. Kebo nene za betri hazikunjiki hivyo, lakini nyaya za kidhibiti cha chaji na za taa za volti 12 zinakubali.

Dalili ya pili: betri inashuka usiku ingawa vitu vimezimwa

Hapa ndipo klampu inapoonyesha thamani yake. Pima baada ya jua kuzama, au zima kwanza breka ya paneli. Mchana mkondo wa betri ni tofauti kati ya kinacholetwa na sola na kinacholiwa na mzigo: sola ikileta ampea 9 na mzigo ukila 3, klampu itasoma 6 za kuingia, na mzigo utakuwa umejificha ndani ya hesabu.

Funga klampu kwenye kebo kuu ya chanya, karibu kabisa na betri, kabla haijagawanyika kwenda popote, mshale ukielekea upande wa inveta. Kwa mpangilio huo namba chanya ni mkondo unaotoka. Kisha mwombe mwenye nyumba azime kila kitu kama anavyozima anapokwenda kulala. Usimwongoze. Unataka kuona usiku wake wa kawaida ulivyo, si usiku wa fundi.

Sababu zenyewe, kwa kadiri zinavyokutwa mara nyingi, ni hizi: inveta yenyewe kula umeme ikiwa imewashwa bila mzigo, vifaa vilivyozimwa kwa rimoti lakini bado viko kwenye soketi, kifaa kilichosahaulika kwenye saketi ambayo hakuna anayejua inaishia wapi, na mwishoni kabisa, betri mbovu au uvujaji. Hatua ni kukata kwa zamu, kuanzia nje kurudi kwenye betri, na kuandika kila namba inayobaki.

Nichukue mfumo mmoja nilioupima. Ulikuwa wa volti 24, betri mbili za asidi za ampea-saa 200 zilizounganishwa mfululizo, na inveta ya VA 3000 ya aina ile nzito yenye transfoma. Mwenyewe alikuwa tayari amekwisha kubadilisha betri mara moja. Saa mbili usiku betri zilikuwa na volti 25.4, akazima kila kitu, na nyumba ikawa giza. Klampu ikasoma 3.1. Alidhani mita ni mbovu, nikaigeuza mbele yake, ikasoma -3.1.

Ampea 3.1 kwa volti 25.4 ni takriban wati 79, zaidi ya taa nane za wati 9 zinazowaka katika nyumba ambayo mwenyewe anaiona giza. Kwa saa kumi na mbili za usiku ni ampea-saa 37. Betri za asidi zinadumu pale zisiposhushwa chini ya nusu, kwa hiyo kati ya ampea-saa 200 alikuwa na 100 za kutumia, na zaidi ya theluthi yake ilikuwa inakwenda kwa vitu asivyovijua, kabla ya kuhesabu taa na televisheni ya jioni.

Tukaenda kwenye sanduku la breka. Breka ya taa ilipozimwa namba ilishuka hadi 3.0, na mtu wa nje akapaza sauti kwamba taa ndogo ya ukutani nyuma ya tangi imezimika, taa ambayo watu walikuwa wameizoea hata hawaioni. Breka ya soketi za sebuleni ikashusha namba hadi 2.0. Ampea nzima ya upande wa betri, karibu wati 25, ilikuwa inakwenda kwa king'amuzi, kipaza sauti cha redio na televisheni, vyote vikionyesha kitaa chekundu tu. Tuliwasha breka tena tukachomoa plagi moja moja: king'amuzi peke yake kilikuwa nusu ya kiasi hicho. King'amuzi kilichozimwa kwa rimoti mara nyingi huwa kimezima picha tu, huku ndani kikiendelea kufanya kazi kama kawaida, na ukikigusa juu utahisi joto lake.

Breka iliyofuata iliandikwa «pampu». Pampu ilikuwa imechomolewa tangu mchana, lakini kuizima breka kulishusha namba kutoka 2.0 hadi 1.4. Ilituchukua muda kupata jibu. Waya wa saketi hiyo ulikuwa umeendelezwa hadi stoo, na nyuma ya magunia kulikuwa na taa ya dharura ya kuchaji iliyochomekwa kwenye soketi. Betri yake ndogo ilikuwa imekufa, kwa hiyo chaja haikufika kamwe mahali pa kuona imejaa na kupunguza mkondo. Plastiki yake ilikuwa ya moto mkononi. Wati 15, mchana na usiku, na kwa miezi mingapi hakuna aliyeweza kusema.

Breka zote za nyumba zikiwa zimezimwa, ilibaki 1.4. Inveta yenyewe ikazimwa kwa swichi yake, ikabaki 0.08, ambayo ni ya kidhibiti cha chaji na kioo chake. Kwa hiyo inveta ilikuwa inakula takriban ampea 1.3, karibu wati 33, kwa kuwa macho tu. Kwa inveta yenye transfoma ya ukubwa ule hiyo si hitilafu. Ni tabia yake, na kwa kawaida imeandikwa kwenye kijitabu chake kama matumizi bila mzigo. Linganisha namba yako na ya kijitabu: ukipata karibu mara mbili yake, ndipo uishuku inveta.

Suluhisho lilifuata namba. Taa ya dharura ilitolewa, soketi za sebuleni zikapewa kebo ya nyongeza yenye swichi inayozimwa wakati wa kulala, taa ya nyuma ya tangi ikabaki kwa sababu za usalama. Mzigo wa usiku ukashuka kutoka 3.1 hadi 1.5, na ampea-saa 37 zikawa 18. Betri hazikubadilishwa.

Inveta nyingi zina hali ya kuokoa umeme, ambapo hulala na kuamka kila baada ya muda mfupi kuangalia kama kuna mzigo. Ukipima inveta iliyo katika hali hiyo, klampu itaruka, kwa mfano 0.2, kisha 1.3, kisha 0.2 tena, na mtu anaweza kudhani mita imeharibika. Fahamu pia kwamba mzigo uliofichika wa wati chache unaweza kuizuia inveta isilale kamwe. Hapo kifaa cha wati 20 kinakugharimu wati zake pamoja na za inveta yote. Ukikata kifaa hicho na namba ikashuka zaidi sana kuliko ulivyotarajia, umeelewa kilichotokea.

Simama na umwite fundi umeme ikiwa ili kutambua saketi unalazimika kufungua kifuniko cha ndani cha sanduku la breka, kwa kuwa humo kuna volti 230 zilizo wazi, na inveta huzitoa hata kama umeme wa gridi umekatika. Usiifungue inveta pia. Kapasita zake hubaki na chaji baada ya kuzimwa.

Dalili ya tatu: ampea za upande wa nyumba hazilingani na za upande wa betri

Kwanza iko tofauti isiyo na kosa lolote. Kifaa kimoja kinachokula ampea 1 kwa volti 230 kitaifanya betri ya volti 24 itoe ampea 10 hivi, na ya volti 12 itoe 20 na zaidi kidogo, kwa sababu nguvu ni ileile na volti ni ndogo, pamoja na kile kinachopotea ndani ya inveta. Anayeona 20 kwenye betri na 1 kwenye waya wa taa asishtuke.

Tofauti inayochanganya ni ya upande wa pili. Katika nyumba ile, kabla ya kukata chochote, klampu kwenye waya wa laini unaotoka kwenye inveta ilisoma ampea 0.38. Ukizidisha kwa 230 unapata 87, na mtu angeandika wati 87. Lakini kukata breka zote za nyumba kulipunguza mkondo wa betri kwa 1.7 tu, yaani wati 43. Zile nyingine zilikwenda wapi?

Hazikwenda popote. Klampu inapima ampea peke yake, haijui kama ampea hizo zinakuja wakati mmoja na volti au la. Ndani ya televisheni, ving'amuzi na chaja mna kapasita za kuchuja kelele za umeme, nazo huvuta mkondo na kuurudisha mara nyingi kila sekunde bila kuutumia. Mkondo huo unapita kwenye waya na klampu inauhesabu, lakini hauchoti nishati inayolingana nao kutoka kwenye betri. Ampea mara volti za mkondo geu ni VA, si wati. Upande wa betri hakuna utata huo: wastani wa ampea za mkondo mnyoofu mara volti za betri ni wati za kweli zinazotoka. Ndiyo maana ninashikilia kwamba mzigo mdogo uliofichika upimwe kwenye kebo ya betri, kwa kukata na kuona namba inashuka kiasi gani, wala si kwa kuzunguka na klampu kwenye nyaya za soketi.

Tofauti ikiwa kubwa kupita maelezo hayo, angalia kwanza kama mita yako ni ya `True RMS`. Inveta zisizotoa wimbi laini huidanganya mita ya kawaida, ambayo imetengenezwa kwa kudhani kila wimbi ni laini. Kisha angalia kama namba ya upande wa betri inatetemeka. Inveta huchota mkondo kwa mapigo, mara 100 kwa sekunde pale inapotoa umeme wa Hz 50, na mita nyingine hazisawazishi mapigo hayo vizuri. Soma kwa dakika nzima na uchukue namba inayorudi zaidi.

Dalili ya nne: betri mbili, moja inashuka au inapata moto kuliko nyingine

Betri zilizounganishwa sambamba zinapaswa kugawana mzigo. Washa mzigo wa kutosha, tuseme ampea 20, kisha pima kebo ya kila betri peke yake. Ukipata 11 na 9, hakuna tatizo. Ukipata 15 na 5, liko.

Kagua viungo kwanza, maana ndivyo vinavyokosea mara nyingi. Weka multimita kwenye volti, probu moja juu ya kichwa cha betri chenyewe na nyingine juu ya kichwa cha kebo iliyofungwa hapo, mzigo ukiendelea. Kiungo kizuri kitaonyesha milivolti chache. Ukiona 100 au zaidi, pana kutu au nati imelegea. Pili, tazama kebo za kwenda kwenye inveta zimeshikwa wapi. Chanya na hasi zikishikwa zote kwenye betri ya kwanza, hiyo itafanya kazi zaidi daima, hivyo chanya itoke betri ya kwanza na hasi itoke betri ya mwisho.

Viungo vikiwa safi na mgawanyo bado mbaya, zima mzigo wote pamoja na paneli, subiri dakika kumi, kisha funga klampu kwenye kebo inayounganisha betri hizo. Hapo hapatakiwi kuwa na mkondo wa maana. Mkondo mdogo unaozidi kupungua ni betri zinazosawazishana. Lakini ukisoma ampea 2 na baada ya saa moja bado ni 2, betri nzima inailisha betri yenye chumba kibovu. Huu ni mzigo uliofichika ambao hakuna breka ya nyumba itakayoukata, na unaweza kumfanya mtu azunguke vyumba vyote akichomoa plagi bila mafanikio. Itenganishe betri hiyo. Kama ni ya lithiamu, usijaribu kuitengeneza wala kuichaji kwa nguvu. Iachie fundi anayezijua.

Katika betri za mfululizo sababu huwa nyingine. Mtu hutaka kuwasha redio ya volti 12 kwenye mfumo wa volti 24, akaning'iniza waya mwembamba kwenye betri moja tu. Pima volti za kila betri: 12.7 kwa 12.1 ni dalili kubwa. Tafuta waya huo katikati ya betri mbili, ufunge klampu, nawe utaona unachokula. Uondoe, kwa kuwa chaja inayoona volti 24 haiwezi kujua kwamba betri moja ina njaa na nyingine inapitilizwa.

Dalili ya tano: laini na nyutro zikipimwa pamoja, mita haisomi sifuri

Hapa kufunga nyaya mbili kwa pamoja kunafanywa kwa makusudi. Kinachokwenda kwa laini kinapaswa kurudi chote kwa nyutro, kwa hiyo jumla ni sifuri. Ikibaki namba, sehemu ya mkondo inarudi kwa njia nyingine, pengine kwa waya wa ardhi au kwa ukuta wenye unyevu. Klampu ya kawaida inayosoma hatua za 0.01 inaona miliampea 10 kwa shida, na vichujio vya vifaa huvujisha kiasi kidogo bila ubovu wowote. Lakini ukisoma 0.03 au zaidi, hicho ndicho kiwango ambacho breka za kukinga watu dhidi ya uvujaji hutakiwa kukata. Zima breka za nyumba moja moja hadi namba ipotee, iache iliyohusika ikiwa imezimwa, kisha umwite fundi umeme mwenye leseni na klampu ya uvujaji inayosoma miliampea.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Inveta nyingine hazina nyutro iliyounganishwa na ardhi, na katika mfumo wa namna hiyo waya uliochubuka unaweza kugusa chuma bila mkondo wowote kupita, kwa kuwa hakuna njia ya kurudi. Mita itasoma sifuri na gamba la friji litakuwa na umeme. Yeyote aliyewahi kuhisi kuwashwawashwa mkononi akigusa kifaa cha chuma asitulizwe na sifuri hiyo. Azime inveta, na isiwashwe tena mpaka fundi apime uzima wa magamba ya nyaya kwa kifaa chake.